Umewanunulia mdoli, umewanyima bibi

"Shangazi, shikamoo. Nimeolewa na Mwamu, tunaishi Manchester, watoto wana miaka 8 na 5. Mimi ni mtu wa Nakuru. Nimejitahidi Kiswahili kisipotee: nimewanunulia mdoli anayeimba, katuni na nyimbo, na kila wakisema neno nawapa peremende. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Mama mkwe akipiga simu kutoka Lamu anawacheka, halafu anawachanganya na Kiamu chake, mara 'mato' badala ya macho, mara 'mai' badala ya maji. Nimemwambia mume wangu tupunguze simu mpaka watoto washike Kiswahili sanifu kwanza. Sasa mume amenuna, na mama mkwe ananisema kwa majirani. Nimekosa wapi?
Mama Wawili"

Marahaba, mwanangu. Kulea watoto wawili katika baridi ile, bila jirani wa kukushikia mmoja ukapika, si kazi ndogo. Pole. Lakini umekosa kwenye simu, na hapo mimi niko na mama mkwe wako.

Hesabu watu katika barua yako. Wewe unajua Kiingereza. Mumeo anajua Kiingereza. Mdoli haelewi lugha yoyote. Katika maisha ya watoto hawa yuko mtu mmoja tu ambaye wakimjibu Kiingereza hawapati kitu, naye ndiye uliyemfungia mlango. Mtoto hasemi lugha kwa sababu ni ya baba yake. Anaisema kwa sababu ana haja na mtu asiyejua nyingine. Wako wamekwisha jua kwamba nyumbani Kiswahili ni cha kusikia tu, kwa sababu unauliza, wanajibu Kiingereza, nawe unaendelea kama hakikutokea kitu.

Mdoli anaimba, hajibu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wao juu ya watoto wa miezi 9 wa nyumba za Kiingereza. Waliokaa mara 12 na mtu wa Kichina akiwachezesha na kuwasomea, walianza kuzitambua sauti za Kichina. Waliotazama watu hao hao kwenye televisheni hawakupata chochote. Utasema simu ya bibi nayo ni kioo. Ni kioo, ila ndani yake mna mtu anayeuliza, anayesubiri, anayeshangaa. Katuni haimsubiri mtoto.

Na hizo peremende, zifiche wiki moja uone. Kama maneno nayo yamekoma, jua watoto walikuwa wanakuuzia maneno.

Sasa Kiamu. Tenzi zilikuwa zikitungwa kwa Kiamu zamani sana, kabla ya wakoloni kukutana Mombasa mwaka 1928 wakachagua Kiunguja kiwe cha vitabu. Bibi akisema "mato" hajakosea, anasema kwao. Wala watoto hawachanganyikiwi. Mtoto huyafunga maneno kwa mtu: kwa bibi ni mato, kwa mama ni macho, na kwa mwalimu wake ni neno la tatu. Anayechanganyikiwa ni wewe, na nadhani si kwa lugha. Unaona haya kwamba mama mkwe anajua kitu usichokijua, na watoto wakikishika watakuwa wake zaidi kuliko wako. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Mke anamtaka mume bila mama yake, na mume anaogopa wanawake wawili, ananyamaza, ananuna. Mumeo naye ana kosa lake. Lugha inayopotea ni ya mama yake, naye kazi yake ni kununa? Mwambie nimesema. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili uko Lamu umeshika simu.

Fanya hivi. Saa mbili usiku Lamu, baada ya Isha, huko kwenu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na saa kumi na mbili majira ya joto. Watoto wametoka shule. Siku tatu kwa wiki, dakika kumi, bibi awategee vitendawili. Bibi aseme "Kitendawili!" nao waitikie "Tega!" Hilo hata wa miaka 5 atalishika siku ya kwanza. Kisha: "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, bibi anadai mji. Wampe Malindi. Naye hatoi jibu upesi, anakwenda kwanza: "Nikaenda Malindi, nikafika, nikapokewa, nikala wali wa nazi, nikalala, nikarudi. Jibu ni yai."

Tazama kilichomo humo. Watoto wa ugenini hushika majina ya vitu lakini upatanisho unawatoka, wanasema "kitabu yangu", "mlango yangu". Kitendawili kinakuja na upatanisho ukiwa umefungwa ndani, "nyumba yangu haina". Na ile safari ya mji inawapa "nika, nika, nika", ambayo Kiingereza hakina. Mwanzoni mkubwa atasema "nilienda na nilifika na nilikula". Usimguse. Wiki kadhaa zikipita, siku atakapopewa mji yeye, utasikia "nikafika" imetoka yenyewe. Hapo ndipo utajua lugha imeingia.

Likikwama neno, mtoto atakugeukia wewe, "Bibi amesema nini?" Ukimtafsiria tu, mchezo umekufa, kwa kuwa umekuwa wewe tena. Toka chumbani. Amuulize bibi mwenyewe.

Zawadi zitoke Lamu, tena ziwe na kitendawili chake. Mwombe bibi ampe msafiri mbuzi, yule wa jikoni wa kukunia nazi, akiwa ameshonewa ndani ya kipande cha leso. Wasiufungue mzigo. Bibi atege: "Mbuzi wangu hali majani, ala nazi." Wanaupapasa, wanakuta meno ya chuma, wanauliza: "Ana miguu? Ana pembe? Anauma?" Kila swali ni sentensi nzima waliyoitafuta wenyewe, na haikulipiwa peremende. Mwezi ujao iwe upawa, au kipepeo cha ukili.

Yule mdogo atakuwa mgumu zaidi, kwa sababu mkubwa alikwisha mletea Kiingereza cha shule mpaka kitandani. Basi mkubwa apewe kazi ya kumtegea mdogo vya wiki iliyopita. Wapate kitu kimoja cha Kiswahili baina yao wenyewe, kisicho cha mama wala cha baba.

Dakika kumi hazitawafundisha kusoma wala kuandika, usizitarajie hivyo. Na mezani kwako, mtoto akikujibu Kiingereza, usiendelee. Mwambie kwa upole "Wataka nini?" ungoje. Kungoja kutakuuma, hasa chakula kikipoa.

Jambo moja nakupa wewe. Kuwacheka watoto kunawafunga midomo. Mumeo, si wewe, amwombe mamake aache. Mtoto akisema "kitabu yangu imepotea", bibi ajibu tu, "Kitabu chako kimepotea wapi?" Amemsahihisha, na mazungumzo yameendelea.

Mpigie leo mwenyewe, bila ya mumeo. Mwamkie, mwombe radhi kwa zile simu, halafu mwambie hujui vitendawili vya kwao, akufundishe viwili kabla watoto hawajatoka shule.