Wakaaji wangapi? Kuifuata namba ya Kongo mpaka kwenye chanzo chake

Juma hili nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa Lubumbashi. Memwari yake inahusu maji ya bomba katika komini ya Kampemba, na amekwama kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Tovuti moja inamwambia kwamba mwaka 2023 Kongo ilikuwa na watu milioni 102.3. Nyingine inasema milioni 105.8, mwaka huohuo. Profesa anataka namba moja yenye chanzo. "Mukubwa, nishike ipi?"

Namjibu hapa ili wengine wasome pia, maana kila msimu wa memwari swali hili linarudi, na wengi wanaouliza wanataka wapewe namba tu waende zao. Namba bila asili yake itakuangusha mbele ya juri, na utakuwa umejitakia.

Tuanze na jambo ambalo kurasa za kunakiliana haziliandiki. Kongo ilifanya sensa ya kisayansi mara moja tu, tarehe 1 Julai 1984, nchi ikiitwa bado Zaire, na ikapata watu karibu milioni 30. Sensa ya pili imetangazwa na kuahirishwa mara nyingi. Kwa hiyo kila namba ya wakaaji unayoisoma leo, ya nchi nzima au ya mji wako, ni makadirio. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akahesabu watu milioni 102.

Makadirio yanatengenezwaje? Kwa kifupi, mtaalamu huchukua msingi, anauongeza kwa kasi fulani ya kila mwaka, kisha anarekebisha kwa kutumia tafiti za uzazi na vifo. Fanya hesabu mwenyewe kwenye simu. Chukua milioni 30 za Julai 1984, uzikuze kwa asilimia 3 kila mwaka mpaka Julai 2023, yaani miaka 39. Utapata kama milioni 95. Sasa rudia kwa asilimia 3.3. Utapata zaidi kidogo ya milioni 106. Tofauti ya sehemu tatu za kumi za asilimia imezaa watu milioni 11! Ndiyo maana asubuhi unasoma hii na jioni unasoma ile, na hakuna kati ya wale wawili aliyedanganya.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanafanya kazi nzito kuliko hesabu hii yangu: wanapitia umri kwa umri, na wanatumia tafiti kubwa za afya kama EDS ya 2013-2014, iliyokuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke, na MICS ya 2017-2018, iliyokuta 6.2. Utafiti mpya ukitoka, wanarudi nyuma na kuandika upya miaka yote, hata ile iliyopita. Kazi hiyo inaitwa World Population Prospects, na kila toleo lina mwaka wake. Na hapa ndipo fumbo la mwanafunzi wetu linapofunguka: milioni 102.3 ni mwaka 2023 kama ulivyokadiriwa katika toleo la 2022, na milioni 105.8 ni mwaka uleule katika toleo la 2024. Chanzo ni kimoja, matoleo ni mawili. Tovuti ya kwanza ilinakili zamani ikalala. Kitu pekee inachobadilisha kila Januari ni mwaka ulio kwenye kichwa cha habari.

Utajuaje kwamba ukurasa umenakili? Chukua namba nzima, mpaka tarakimu ya mwisho, uitafute ndani ya alama za kunukuu. Itafute kwa maandishi yote yanayotumika, kwa sababu Wafaransa wanaacha nafasi kati ya makundi ya tarakimu na Waingereza wanaweka koma:

```
"102262808" OR "102,262,808" OR "102 262 808"
```

Ukiona kurasa nyingi zina namba ileile mpaka mtu wa mwisho na hakuna hata moja inayotaja toleo, umefika kwenye msururu wa wanakili. Dalili nyingine ni ile saa ya wakaaji inayopanda mbele ya macho yako kila sekunde. Inapendeza kweli, lakini ni hesabu ya mashine inayoendelea peke yake kutoka kwenye makadirio yaleyale.

Sasa twende kwenye chanzo. Kwa nchi nzima, fungua population.un.org/wpp uchague nchi. Ukitaka njia nyepesi isiyokula megabaiti, bandika anwani hii kwenye kivinjari cha simu:

```
https://api.worldbank.org/v2/country/COD/indicator/SP.POP.TOTL?date=1984:2023&format=json
```

Ni ghala la data la Benki ya Dunia, nalo kwa idadi ya watu hutegemea sana kazi ya Umoja wa Mataifa. Utaona maandishi makavu, lakini mstari wa mwanzo una neno `lastupdated` na tarehe. Tarehe hiyo iandike, ndiyo itakayokuambia unasoma data za lini. Kisha angalia herufi tatu za nchi. COD ni sisi, COG ni jirani zetu wa Brazzaville. Ukikosea herufi moja utapata nchi yenye watu milioni chache, na kuna memwari zimepita hivyohivyo. Kwenye majedwali ya Umoja wa Mataifa mtego huo unakuja kwa namba: 180 ni Kinshasa, 178 ni Brazzaville.

Kwa namba za serikali yetu, mlango ni Institut National de la Statistique, yaani INS, kwenye ins.cd. Kitabu unachokitafuta kinaitwa Annuaire statistique. Usihangaike na menyu ya tovuti, tafuta moja kwa moja:

```
site:ins.cd "annuaire statistique" filetype:pdf
```

Tovuti ikiwa imelala, bandika anwani ya faili kwenye web.archive.org, mara nyingi nakala ipo. Ukishalipata faili, usikimbilie namba. Soma kwanza kichwa cha jedwali, uone kama kuna neno "projections" au "estimations". Halafu shuka chini ya jedwali palipoandikwa "Source", maana INS inakusanya pia namba za wizara nyingine na ofisi nyingine, na si kila jedwali ni kazi yake yenyewe. Angalia pia mwaka: ule ulio katika jina la kitabu ni mwaka wa data, chenyewe hutoka baadaye. Annuaire ya 2014, kwa mfano, ilitoka 2015.

Kuna kosa moja linawapata hasa watu wa huku kwetu. Mpaka 2015 nchi ilikuwa na mikoa 11, tangu hapo ina 26. Katanga iligawanyika mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kurasa za zamani zilikuwa na namba ya Katanga nzima, na wanakili wakabadilisha jina tu wakaweka Haut-Katanga. Ukiona mkoa wetu umeongezeka au umepungua ghafla karibu na 2015, angalia ramani kabla ya kuandika aya nzima kuhusu uhamiaji.

Tufike Kampemba sasa, kwa sababu memwari hii haihusu Kongo nzima. Hapa Umoja wa Mataifa haukusaidii. Ina makadirio ya Lubumbashi kama mji, lakini haishuki mpaka komini. Kwa komini una milango miwili, na kila mmoja unahesabu kwa njia yake.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya komini na meri. Hapo idadi inatoka chini: wakuu wa avenyu wanaandika watu, kartie inajumlisha, komini inapeleka juu, na ripoti ya mwaka inaandikwa. Udhaifu wake ni kwamba anayehama haji kujifuta, na anayehamia hukawia kujiandikisha. Omba ripoti za miaka mitatu au minne mfululizo uziweke pamoja. Kama kila kartie imeongezeka kwa asilimia ileile kamili, ujue kwamba hapo hawakuhesabu, walizidisha.

Mlango wa pili ni zone ya afya. Wao wanahitaji idadi ya watu ili wajue chanjo ngapi waagize, kwa hiyo namba yao inatumika kila mwezi, na kampeni za vyandarua huwapa nafasi ya kuhesabu kaya upya. Kuipima ni rahisi: angalia kiwango cha chanjo. Zone ikiripoti kwamba imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto, mara nyingi idadi ya watu waliyoitumia ni ndogo kuliko hali halisi, au wanapokea watoto wa zone jirani. Ila tahadhari na mipaka. Lubumbashi ina komini 7 lakini zone za afya 11, kwa hiyo haziwezi kulingana. Zone inayoitwa Kampemba usiichukue kama komini ya Kampemba kwa sababu ya jina. Omba orodha ya maeneo ya afya yaliyomo, uyalinganishe na kartie moja moja. Jedwali hilo ni kazi ya siku nzima na linachosha, lakini bila hilo utagawa lita za maji za eneo moja kwa watu wa eneo lingine.

Ofisi hizi hazina kila kitu kwenye mtandao. Nenda na barua ya iniversite yenye muhuri, nakala mbili, moja wakugongee ya kupokea. Usiombe "takwimu za watu", ombi la namna hiyo hulala mezani. Taja jedwali: idadi ya wakaaji kwa kartie, komini ya Kampemba, miaka fulani mpaka fulani. Idara ya mkoa ya INS nayo iko Lubumbashi. Waulize kwa komini yako wanatumia msingi gani na kasi gani ya ongezeko, maana hayo mawili ndiyo juri watakayokuuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kwenye utangulizi weka milioni 105.8, na uandike: makadirio ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2024, kwa mwaka 2023. Kwenye sura ya Kampemba weka namba ya komini na ya zone kando kwa kando, kisha piga hesabu ya lita kwa mtu mara mbili. Usitafute wastani wa hizo mbili, wastani huo hauna mwenyewe. Zikitofautiana sana, tofauti hiyo iandike kama matokeo.

Na mafaili yote uliyoyatumia yahifadhi kwenye flashi pamoja na tarehe ya kuyapakua, kwa sababu toleo jipya likitoka, ukurasa uleule utaonyesha namba nyingine kwa mwaka uleule, na matoleo ya zamani ya Umoja wa Mataifa itabidi uyatafute kwenye sehemu ya kumbukumbu ya tovuti yao.