Kumuaga mtoto anayelia getini

"Mwanangu wa miaka mitano kaanza darasa la awali hapa Igoma. Kila asubuhi ananing'ang'ania khanga analia. Mwalimu ananiambia niondoke kimyakimya akigeuka. Nifanye nini?"

Pole, dada. Usimtoroke. Mtoto akigeuka akakukosa, anajifunza kwamba unaweza kutoweka wakati wowote, na kesho atakushika mapema zaidi, pengine tangu mkiwa kwenye daladala.

Muage waziwazi, kwa ufupi, maneno yaleyale kila siku. Mkabidhi mwalimu mkono kwa mkono (mwombe awe mmoja yuleyule), mwambie, "Mama anakwenda sokoni, nitakuja mkimaliza kuimba wimbo wa kwaheri," kisha ondoka hata kama analia. Mtoto bado hajui kusoma saa, ila mpangilio wa siku anaujua. Usirudi dirishani kuchungulia. Akikuona, kilio kinaanza upya na anaona kimefanya kazi. Na wakati uliomtajia, uwepo kweli.

Mchana muulize mwalimu alilia muda gani baada ya wewe kuondoka. Akinyamaza ndani ya dakika kumi na kucheza na wenzake, yuko sawa, japo Jumatatu kilio kinaweza kurudi. Lakini akilia siku nzima, akikataa uji, akianza tena kukojoa kitandani, au mwezi ukapita bila nafuu, usiendelee kusubiri. Muulize mtoto kwa upole habari za choo, za fimbo, za watoto wakubwa, kisha zungumza na mwalimu mkuu.