Slaidi ya kulinganisha chaguo tatu

“Nina jenereta, sola na inverta yenye betri. Nimezipa alama zote, lakini bosi haoni ninachopendekeza. Nipange vipi?”

Weka chaguo kwenye safu wima na vigezo kwenye mistari, kisha uiweke inverta mwanzo, karibu na vigezo, na safu yake pekee uipake rangi hafifu huku nyingine zikibaki kijivu. Kuna mwingine aliyekushauri upake kijani, njano au nyekundu katika kila kisanduku kulingana na alama; ana nia njema, ila slaidi hiyo ikichapishwa bila rangi, kijani na nyekundu hufanana.

Kichwa kiseme uamuzi wenyewe: “Tununue inverta: 4.0 kati ya 5”. Kwa uzito wa bei 50%, uendeshaji 30% na ufungaji 20%, inverta yenye 4, 4, 4 inapata 4.0, jenereta yenye 4, 2, 5 inapata 3.6, sola yenye 2, 5, 3 inapata 3.1. Andika chini kwamba 5 kwenye bei ni nafuu zaidi, maana hapo ndipo wengi husoma kinyume. Ukibadilishana uzito wa bei na uendeshaji, sola inapanda hadi 3.7, na inverta bado inaongoza. Uzito wenyewe, hata hivyo, mkubaliane na bosi kabla ya alama.