Kwa sisi madereva, anza na tangazo la kazi

Swali la wiki: "Kozi fupi zimejaa kila kona na hela ngumu. Unajuaje cheti kipi ulipie ili upate kazi?"

Mi ntaongelea udereva maana ndo kazi yangu. Kabla hujatoa hata mia, ingia Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, utafute tangazo la Dereva Daraja la II ulisome mstari kwa mstari. Mambo yanajirudia: cheti cha form foo, leseni daraja E au C uliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Ukikosa kimoja hata kama unaendesha vizuri kuliko wote hawakuiti.

Kuna dogo hapa mtaani ana form foo na leseni D, alitaka kulipia kozi ya udereva wa kujihami halafu aunganishe na ya huduma ya kwanza. Nikamwambia subiri kwanza, hiyo D haimo kwenye tangazo, hela ya kwanza ipeleke kwenye kupandisha daraja maana ule mwaka mmoja unahesabiwa ukiwa na E mkononi, ukichelewa miezi sita basi na kazi umeisogeza miezi sita. Ukishaipata tafuta gari uendeshe, hata kenta ya kubeba tofali, na mwenye gari akuandikie barua, halafu ndani ya huohuo mwaka nenda VETA ukasome ile kozi ya msingi. Mwaka ukiisha vyote vinakuwa tayari.

Kama huna form foo mambo yanabadilika kabisa. Hapo cheti cha VETA peke yake hakikuingizi serikalini, kwahiyo kama unapenda mabasi bora hela uiweke kwenye kozi ya magari ya abiria pale chuo cha usafirishaji NIT ili upate leseni daraja C, maana kampuni nyingi za mabasi zinaangalia leseni, uzoefu na namna unavyoshika gari wakikujaribu barabarani.

Halafu angalieni sana haya maneno "kinachotambuliwa na serikali". Kuna vijichuo vinatoa karatasi yenye jina lilelile la kozi, bei chee, na cheti unapewa haraka haraka. Omba namba ya usajili uende nayo ofisi ya VETA ya kanda wakuangalizie, na uliza gari la mazoezi liko wapi na mtihani anatunga nani. Akianza kuzunguka zunguka kwenye hayo ondoka na hela yako.

Udereva wa kujihami siudharau, ni mzuri na migodini wanautaka sana, ila mara nyingi kampuni zenyewe zinakupeleka kwa gharama zao ukishaajiriwa, kwahiyo mwenye hela ya kozi moja asianzie huko.