Faida mbili, kiwanda kimoja, na madumu 400 yaliyoniumbua

Juzi usiku, saa nne hivi, niliingia WhatsApp nikakuta ujumbe wa kijana mmoja, mhasibu wa kiwanda kidogo hapa hapa Dar. "Shikamoo dada. Nimetengeneza hesabu za mwezi kwa njia zote mbili, gharama kamili na gharama zinazobadilika. Nimezidisha ongezeko la mzigo wa stoo kwa gharama ya kudumu ya kila kipande kama tulivyofundishwa, lakini bado kuna laki na kitu inaning'inia. Bosi anaitaka asubuhi. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Laki na kitu! Mimi yangu ilikuwa laki moja na ishirini kamili, na mpaka leo naikumbuka kuliko mshahara wangu wa kwanza.

Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha sabuni ya maji Vingunguti. Kiwanda ni neno kubwa kidogo: mapipa mawili ya kuchanganyia, vijana kumi na kitu, stoo yenye mlango wa bati na harufu ya limau inayokufuata mpaka ndani ya daladala. Tulikuwa tunajaza madumu ya lita 5 na kuyauza 8,000 kila moja. Malighafi, dumu lenyewe, lebo na malipo ya vibarua wa kujaza vilikula 4,000. Kamisheni na usafiri wa kumpelekea mteja vilikula 500. Hizo ndizo gharama zinazobadilika, usipotengeneza au usipouza hazipo. Kisha kulikuwa na 9,000,000 kila mwezi za kiwanda zinazotoka hata mapipa yakikauka: kodi ya pango, mishahara ya msimamizi na walinzi, uchakavu wa mitambo. Na 5,000,000 za ofisi na mauzo, nazo za kudumu.

Ugomvi wote wa njia hizi mbili uko kwenye ile milioni 9 peke yake. Njia ya gharama zinazobadilika inaichukulia kuwa ni gharama ya mwezi: mwezi umeisha, milioni 9 imeondoka, mjadala umefungwa. Njia ya gharama kamili inalibebesha kila dumu sehemu yake. Sisi uwezo wetu wa kawaida mwaka ule tuliuweka madumu 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila dumu likatoka kiwandani na 1,500 ya pango na walinzi mgongoni. Likiuzwa, ile 1,500 inaingia kwenye gharama za mwezi huo. Lisipouzwa, 1,500 inalala nalo stoo, na kwenye vitabu inasomeka kama mali. Ukilielewa hili umemaliza, yaliyobaki ni kujumlisha na kutoa.

Januari tulianza na madumu 400 stoo. Tukatengeneza 6,000, tukauza 4,800, yakabaki 1,600. Februari mauzo yakapanda mpaka 5,700, lakini stoo ilikuwa imejaa, kwa hiyo tukatengeneza 4,500 tu. Tukarudi kwenye 400.

Bosi alikuwa anapelekewa hesabu za gharama kamili, maana ndizo benki walikuwa wanazitaka, na kwa hesabu za kupelekewa watu wa nje ndivyo kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinavyodai. Januari ilionyesha faida ya 4,480,000. Mzee akafurahi sana. Msimamizi wa uzalishaji akapewa bahasha mbele yetu wote kwa kuchapa kazi. Februari nikampelekea 4,150,000.

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe binti. Tumeuza madumu mia tisa zaidi. Faida inashukaje? Hela imekwenda wapi?" Dereva alikuwepo. Keshia alikuwepo. Nilijibu kitu ambacho hata mimi sikukielewa.

Jibu lenyewe nalijua sasa, na lilikuwa rahisi. Februari tulitengeneza pungufu ya uwezo wa kawaida kwa madumu 1,500, kwa hiyo 2,250,000 ya zile gharama za kudumu haikupata dumu la kuibeba. IAS 2 hairuhusu kuisukumia kwa madumu machache yaliyopo ili yaonekane ghali. Inaingia kwenye gharama za mwezi huo huo, moja kwa moja. Juu yake, mzigo wa stoo ulipungua kwa madumu 1,200, kila moja na 1,500 yake mgongoni. Januari tulisherehekea gharama tulizozificha stoo, Februari zikatoka kudai. (Na yule wa bahasha alikuwa ametengeneza madumu 1,200 yasiyo na mnunuzi. Sisemi kitu.)

Usiku ule nikakaa Tabata, umeme umekatika, nikatengeneza hesabu ya pili kwa karatasi na tochi ya simu. Kwa gharama zinazobadilika kila dumu lililouzwa linachangia 3,500, yaani 8,000 kutoa 4,000 kutoa 500. Januari: 4,800 mara 3,500 ni 16,800,000, toa 14,000,000 za kudumu zote, inabaki 2,800,000. Februari: 5,700 mara 3,500 ni 19,950,000, toa zile zile, inabaki 5,950,000. Umeona? Hapa faida inakwenda na mauzo, kama bosi alivyotegemea moyoni bila kujua jina la njia yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kuziunganisha hizo faida mbili, ili asiseme napika vitabu. Kanuni ya darasani tunaijua wote: badiliko la mzigo uliokamilika mara gharama ya kudumu ya kila dumu. Mzigo ukiongezeka, faida ya gharama kamili inakuwa juu. Ukipungua, inakuwa chini. Februari mzigo ulipungua kwa 1,200, mara 1,500 ni 1,800,000. Chukua 5,950,000, toa 1,800,000, unapata 4,150,000. Safi, mpaka senti.

Januari mzigo uliongezeka kwa 1,200 ile ile. Chukua 2,800,000, ongeza 1,800,000, unapata 4,600,000. Kitabu kinasema 4,480,000. Imepotea laki moja na ishirini.

Nikarudia mara nne. Asubuhi nikaipeleka hivyo hivyo na maelezo marefu ya woga. Mzee hakusoma maelezo. Alizungushia duara 120,000 kwa kalamu nyekundu, akasema, "Hii ndiyo nilikuwa naitafuta." Jioni akaja jamaa yake, msomi, ana CPA, kunikagua droo. Droo! Sikuiba hata kofia ya dumu. Siku tatu nilikaa kwenye benchi la walinzi nikingoja kujua kama bado nina kazi, na yule msomi naye hakuiona ile laki na ishirini ilipo. Hilo nalisema kwa raha kidogo, Mungu anisamehe.

Nilikuja kuiona mwenyewe kwenye kadi ya stoo, ukurasa wa Desemba. Yale madumu 400 ya mwanzo yalikuwa yameandikwa 5,800 kila moja, wakati ya Januari yaliandikwa 5,500. Mwaka uliopita uwezo wa kawaida ulikuwa madumu 5,000, na milioni 9 kugawa kwa 5,000 ni 1,800. Yale madumu yalivuka mwaka yakiwa na 1,800 mgongoni, siyo 1,500. Na kwa kuwa tulikuwa tunatoa kwanza kilichotangulia kuingia, yote 400 yaliuzwa Januari. Tofauti ya 300 mara 400 ni 120,000.

Kwa hiyo kijana wangu, na wewe mwingine unayesoma hapa huku bosi anakusubiri, sikiliza. Ile kanuni ya badiliko la mzigo mara kiwango kimoja inafanya kazi kwa sababu swali la mtihani linakupa kiwango kimoja. Kiwandani usianze na badiliko la madumu. Anza na gharama za kudumu zilizolala ndani ya mzigo wa mwisho, kisha toa zilizolala ndani ya mzigo wa mwanzo, kila upande kwa kiwango chake. Kwetu mwisho wa Januari: 1,600 mara 1,500 ni 2,400,000. Mwanzo: 400 mara 1,800 ni 720,000. Tofauti 1,680,000. Jumlisha na 2,800,000, unaipata 4,480,000 bila kutoa jasho.

Jumlisha na miezi miwili uone ajabu nyingine. Gharama zinazobadilika zinatoa 8,750,000, gharama kamili zinatoa 8,630,000. Mzigo umeanza 400 umeishia 400, haujabadilika hata dumu moja, na bado faida zinapishana kwa ile ile 120,000. Ukimwambia mtu kwamba mzigo usipobadilika faida zinalingana, umemwambia nusu ya maneno. Zinalingana kama na kiwango hakikubadilika.

Angalia pia usitie zile milioni 5 za ofisi kwenye kiwango. Hazikai ndani ya dumu kwa njia yoyote ile, zinaondoka na mwezi wake pande zote mbili, wala usizitafute kwenye tofauti. Nimeona watu wenye uzoefu wakizigawa na wao kwa 6,000, wakapata tofauti nene isiyoelekea popote. Na kama kuna sabuni iliyobaki kwenye pipa haijajazwa, nayo ina kipande cha pango ndani yake; sisi tulikuwa tunamaliza mapipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, ndiyo maana siizungumzii hapa. Na hesabu madumu kwa mkono. Ukihesabu kwenye kompyuta peke yake utaunganisha faida mbili za uongo na zitakubali kuungana vizuri tu.

Na ninyi wenye viwanda mnaotoa bahasha kwa kuangalia faida ya gharama kamili peke yake: mnamlipa mtu kujaza stoo. Wekeni karatasi mbili mezani, na katikati yake ule mstari mmoja wa mzigo wa mwanzo na wa mwisho. Mhasibu wenu hatahitaji kukaguliwa droo.

Mzee hakuniomba radhi. Aliniita, akaniambia "haya, endelea na kazi," na karatasi yenye duara jekundu akairudisha kwenye faili. Niliondoka pale miezi mitano baadaye.

Kijana nimemjibu kwa kifupi zaidi ya hivi. Nimemwambia aache Ekseli kwanza, aende stoo, anipigie picha kadi ya mzigo ukurasa wa mwezi uliotangulia, palipoandikwa bei ya kila kipande. Mpaka naandika hapa tiki mbili zimeshakuwa za bluu, picha bado.