Barua pepe baada ya usaili wa pili

"Nimerudi usaili wa pili, msimamizi wa ghala la dawa. Safari hii wameuliza mapya: dawa kuisha muda, na kuhama kutoka leja kwenda mfumo wa kompyuta. Niwatumie tena ile shukrani ya kwanza?"

Hapana ndugu, andika mpya. Ni sahihi itumwe kesho yake baada ya usaili, ila "asante kwa muda wenu" peke yake haimsaidii anayeamua. Shukuru kwa sentensi moja, kisha ingia kwenye dawa, maana hapo una la kusema. Mfano:

"Mlieleza kuwa dawa nyingi huisha muda zikiwa rafuni. Ninapofanya kazi sasa, inayotangulia kuisha muda ndiyo hutoka kwanza, na kila mwisho wa mwezi natoa orodha ya zilizobakiza miezi sita ili zihamishiwe kwenye vituo vinavyozitumia haraka."

Bila shaka weka unachofanya kweli, watakuuliza wakikupigia.

Kwenye mfumo, kama hujawahi kuutumia, sema hivyo, kisha taja kilicho karibu nao: kuhesabu mzigo halisi na kuulinganisha na leja. Salio la kuanzia likiingizwa na makosa, mfumo unaanza na makosa hayohayo, na wao wanalijua hilo.

Walikuwepo wasaili zaidi ya mmoja? Mfamasia mwandikie la dawa, meneja la mfumo. Suala la mshahara, mimi nisingelitaja humo, ingawa wapo wanaolitaja.