Bizari ya unga inaungulia kwenye mafuta: viungo vizima mwanzoni, vya unga baadaye

Swali: "Wapishi, nisaidieni. Niko Kampala, napikia sigiri. Nikiunga nyama naweka bizari ya unga kwenye mafuta yakishachemka, halafu vitunguu. Mchuzi unatoka mweusi na una uchungu hata nikiongeza nyanya. Mama mkwe ananiambia nitumie viungo vizima, lakini mimi nina vya unga tu ndani. Tatizo ni bizari yenyewe au ni mimi?"

Dada, bizari yako haina kosa. Imeingia mapema mno, mahali pakavu na penye moto mkali. Mama mkwe anasema kweli, ila hata hivyo vya unga ulivyonavyo vitakutosha ukibadilisha wakati wa kuviweka. Mimi nimepika kwa miaka mingi kwenye kibanda cha chakula Jinja, mkaa mtupu, na hili ndilo jambo la kwanza ninalomwonyesha kila msichana anayekuja kunisaidia.

Chukua punje moja ya jira. Harufu yake imo ndani, kwenye mafuta yake yenyewe, na ganda limeifunika. Ikiingia kwenye mafuta ya moto, unyevu kidogo ulio ndani unageuka mvuke na punje inaanza kutoa mapovu na kulia. Joto linaingia polepole, na harufu inatoka taratibu kwenda kwenye mafuta ya kupikia, kwa sababu harufu za viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Mafuta yakishaishika, yanaipeleka kwenye kila kitunguu na kila kipande cha nyama. Punje nayo inakupa muda: unaona rangi inavyobadilika, unasikia mlio, unajua lini usimame.

Unga hauna muda huo. Ukishasagwa hauna ganda la kuukinga, na kila chembe inapata moto pande zote kwa mara moja. Unyevu wake ni kidogo sana, kwa hiyo unakauka papo hapo na kuanza kuungua. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: unga unanyonya mafuta, unashikana, unazama na kulala kwenye kitako cha sufuria. Pale chini, hasa kwenye sufuria nyembamba ya alumini juu ya mkaa uliokolea, chuma kina moto kuliko mafuta yenyewe. Punje nzima inaviringika ukikoroga, lakini unga unabaki umegandamana na chuma. Pilipili ya unga ndiyo inayowahi kuungua, maana ina sukari ndani yake, nayo ikiungua moshi wake unakukohoza wewe na jirani.

Nyanya haiwezi kuuondoa huo uchungu. Ukishaingia kwenye mafuta umeenea mchuzi mzima, na sukari au chumvi vinaufunika kidogo tu ulimini. Ukiona unga umekuwa kahawia nzito au mweusi, na harufu imegeuka kali ya kukera pua, mwaga hayo mafuta, futa sufuria, anza upya. Mafuta ya vijiko vinne ni hasara ndogo kuliko kilo ya nyama.

Sasa unauliza unga uwekwe wapi. Uwekwe penye maji. Maji yakiwa bado yamo kwenye rojo, joto lake halipandi sana kupita pale yanapochemkia, na huku kwetu, kwa ajili ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mafuta matupu ya kukaangia yanafika 170 na zaidi bila shida. Nyanya na kitunguu vinaulinda unga wako kwa sababu hiyo hasa.

Nikipika kilo ya nyama ya ng'ombe naenda hivi. Nyama naichemsha kwanza na chumvi na tangawizi mpaka ilainike, supu naiweka kando. Naweka vijiko vinne vya mezani vya mafuta kwenye sufuria, natupia punje moja ya jira. Ikipanda na mapovu mara moja, mafuta yako tayari. Ikiwa nyeusi papo hapo, moto umezidi: natoa sufuria juu ya sigiri na kungoja kidogo. Sigiri haina kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo kuinua sufuria ndiyo njia yangu ya kupunguza, pamoja na kufunga mlango wa chini na kuuacha mkaa ushike majivu.

Kinaanza kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu nne, iliki tano nilizozipasua kidogo, na punje nane za pilipili manga. Iliki usiipeleke bila kuipasua, inaweza kupasuka yenyewe na kukurushia mafuta. Iliki zikivimba na harufu ya mdalasini ikipanda, naongeza kijiko kimoja cha chai cha jira. Jira inakuja mwisho kwa kuwa ni nyembamba na inawahi. Nusu dakika inaitosha, mara nyingi hata chini ya hapo: ikizidi rangi kidogo tu, vitunguu vitatu vilivyokatwa vinaingia hapo hapo. Maji ya kitunguu ndiyo yanayoushusha moto na kuiokoa jira, basi kitunguu kiwe kimeshakatwa kabla hujawasha chochote. Ukianza kumenya wakati jira iko kwenye mafuta, umeshachelewa.

Vitunguu vikishakuwa vya dhahabu naweka saumu na tangawizi ya kutwanga, kisha nyanya nne. Nyanya zikianza kuvunjika na kutoa maji, sasa ndipo unga unaingia: vijiko viwili vya chai vya giligilani, nusu kijiko cha manjano, na pilipili kiasi unachoweza. Nakoroga, na rojo likianza kushika chini naongeza supu kidogo kidogo. Dakika tano mpaka saba hivi, utaona mafuta yanajitenga pembeni na ule ukali wa unga mbichi umekwisha. Hapo nyama inaingia na supu iliyobaki.

Usiielewe "baadaye" kuwa ni dakika ya mwisho. Manjano na giligilani vikitupwa kwenye mchuzi ulioiva vinabaki na ladha ya vumbi, na manjano yana ukakasi. Hivyo vinahitaji zile dakika kwenye rojo la mafuta na nyanya. Kinachofaa mwisho kabisa ni kiungo kilichokwisha kuiva, kwa mfano jira iliyokaangwa kavu kisha ikasagwa, au unga wa iliki na mdalasini. Hivyo ninanyunyiza robo kijiko nikikaribia kuepua, nafunika, harufu isipotee na mvuke.

Wewe mwenye vya unga tu, hasa ile bizari ya pakiti ambayo Waganda wanaiita binzaali, fanya hivi: ikoroge kwenye kikombe na vijiko vitatu vya maji mpaka iwe uji mzito. Kaanga vitunguu kwanza, mimina huo uji, koroga bila kuondoka. Maji yatakauka ndipo mafuta yaonekane, na hapo hapo nyanya iingie. Harufu haitakuwa na kina kile cha mdalasini na karafuu nzima, lakini uchungu hutauona.

Na ukipata jira nzima ya kijiko kimoja tu sokoni, usiisage. Iweke kwa siku ya maharage: maharage yakiiva, ikaange kwenye mafuta kidogo na kitunguu saumu kilichokatwa, mimina juu ya chungu pamoja na hayo mafuta, funika haraka.